Barua Ambayo Viongozi Hawataki Kuitia Sahihi

Kila mwaka, hesabu za mwaka zinapokaribia kufungwa, huzuka katika vyama vyetu vya ushirika ugomvi mmoja ambao wanachama wengi hawausikii, kwa sababu hutokea ndani ya chumba cha ofisi, na mlango umefungwa. Mkaguzi wa hesabu amemaliza kazi yake. Amehesabu fedha zilizomo katika sanduku, amelinganisha vitabu na taarifa ya benki, amesoma mihutasari ya vikao. Kisha, badala ya kufunga mkoba wake na kwenda zake, atoa barua ya kurasa mbili na kuiweka mezani mbele ya Mwenyekiti na Meneja, akiwaomba waiandike upya katika karatasi ya chama chao wenyewe na kuitia sahihi. Hapo ndipo nyuso hubadilika.

Barua hiyo ni barua ya uthibitisho wa uongozi. Ndani yake wasemao ni viongozi, naye mkaguzi ndiye msikilizaji. Wanamwandikia kwamba hesabu hizi ni zao na wao ndio wenye wajibu nazo. Kwamba wamempa vitabu vyote na habari zote alizostahili kupewa. Na kwamba kila fedha iliyoingia na kila iliyotoka imeandikwa. Tumeona yafaa tulieleze jambo hili leo, kwa kuwa katika safari zetu za Buseresere tumesikia watu wazima, waliopewa dhamana ya akiba za wenzao, wakisema kwamba mkaguzi anayedai barua hii ana lake jambo, na kwamba anataka kuwatega.

Tuanze na swali lao, kwa maana si swali la kipumbavu. Husema hivi: “Huyu mtu tunamlipa aje kutafuta ukweli. Ikiwa ameupata, ya nini tena kutuuliza? Na ikiwa hakuupata, sahihi zetu zitamsaidia nini?”

Jibu ni kwamba yapo mambo katika chama ambayo hayaachi alama katika vitabu. Fedha iliyotoka benki huacha alama. Mkopo aliopewa mwanachama huacha alama. Lakini kwamba mwanachama huyo ni shemeji yake Mwenyekiti, hakuna daftari linalosema. Kwamba mlinzi aliyefukuzwa amekwenda kulalamika Mahakama ya Wilaya, na hati ya kuitwa shaurini imo mfukoni mwa Meneja, hakuna stakabadhi inayoonyesha. Kwamba kiongozi amekwisha ambiwa na mtu kuwa karani fulani anaiba, akanyamaza, jambo hilo liko moyoni mwake tu. Mkaguzi anaweza kukesha na vitabu mwezi mzima asiyaone. Mwenye kuyajua ni kiongozi, na njia ya kumfanya ayaseme ni kumwuliza waziwazi, kisha kumtaka jibu lake aliandike na kuliwekea jina lake. Maneno ya mdomo hugeuka: leo mtu asema hapana mkopo wa ndugu yake, kesho asema hakuulizwa. Karatasi yenye sahihi haigeuki.

Wala wakaguzi hawakujitungia desturi hii kwa mapenzi yao. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu iliamua kwamba tangu mwaka 2004 ukaguzi katika nchi yetu ufuate viwango vya kimataifa, na kiwango namba 580 katika viwango hivyo chamlazimisha mkaguzi kuitaka barua hii kwa maandishi. Ni mamoja kama mkaguzi ametoka COASCO, yaani Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982, au ni mkaguzi wa kampuni binafsi. Asipoipata hawezi kutoa hati safi, hata kama Mwenyekiti ni rafiki yake, hata kama vitabu vinang’aa.

Sasa tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Hatumtaji mtu wala chama. Ni mfano tuliouunda wenyewe kutokana na namna mambo yanavyokwenda. Kipo chama cha akiba na mikopo Buseresere, mji wa biashara uliokaribiana na Katoro hata mgeni hajui umoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi, ingawa upande huu ni Wilaya ya Chato na upande ule ni Wilaya ya Geita. Wanachama wake ni 640: wachimbaji wadogo wenye maduara, wenye makarasha ya kusaga mawe, akina mama wauza chakula, wenye maduka, madereva na wakulima wa pamba. Akiba yao yote ni shilingi milioni 310. Mikopo iliyo nje ni shilingi milioni 268. Mwaka umeishia tarehe 31 Desemba, na hesabu zilizoandikwa na mhasibu zaonyesha ziada ya shilingi milioni 12. Wanachama wamekwisha kuisikia ziada hiyo na wanaingojea.

Mkaguzi aja mwezi wa Februari. Katika daftari la mikopo aona mkopo mmoja mkubwa kupita mingine yote, shilingi milioni 45, aliopewa mwanachama wa kawaida kwa ajili ya karasha. Tangu mwezi wa Julai haijarudishwa hata shilingi moja, lakini katika hesabu mkopo huo umeandikwa kuwa ni mzima, sawa na ule wa mama wa mgahawa anayelipa kila Jumamosi. Mkaguzi asoma mihutasari, akuta kikao kilichoupitisha kilikuwa na watu watatu tu. Ndipo mtu mmoja, wakati wa chai, amwambia kwamba karasha lile linajulikana mji mzima kuwa ni la nyumbani kwa Mwenyekiti.

Maneno ya wakati wa chai si ushahidi. Mkaguzi auliza, Mwenyekiti ajibu kwamba hana habari. Kisha barua yaletwa, na kifungu kimojawapo chasema: “Tumewatajia ndugu, jamaa na biashara zote zenye uhusiano na viongozi wa chama, na mikopo yote waliyopewa.” Mwenyekiti asoma, achukua kalamu, na kukikata kifungu kile mstari mmoja. Aulizwa sababu, asema: “Hayo ni mambo ya ukoo, hayahusu hesabu.”

Tazameni barua ilivyofanya kazi yake kabla haijatiwa sahihi. Jambo ambalo mdomo ulikuwa ukilikana, kalamu imeogopa kulikana. Mtu asiye na karasha hakatai kuandika kwamba hana karasha.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na yafaa wanachama wazijue zote mbili, kwa sababu si kila kukataa kuna uzito mmoja.

Ya kwanza ni kukataa kifungu kimoja kama alivyofanya Mwenyekiti huyu. Hapa mkaguzi hatupi kalamu mara moja. Yampasa kuzungumza na viongozi wote, si mmoja tu, na kuwauliza kwa nini. Yampasa kutafuta ushahidi mahali pengine: leseni ya biashara ya karasha ina jina la nani, fedha za mkopo ziliingia katika akaunti ya nani, dhamana iliyowekwa ni nyumba ya nani. Pia lazima ajiulize swali zito zaidi, nalo ni hili: ikiwa mtu huyu amenificha hili, nimwamini kwa lipi katika yale mengine aliyoniambia? Pengine ataona kwamba jambo hili limesimama peke yake, na ushahidi mwingine wote ni imara. Basi atadai mkopo utajwe wazi katika hesabu na upunguzwe kwa kadiri ya hasara inayotazamiwa, na wakikataa atatoa hati yenye shaka, akieleza shaka yake iko wapi. Lakini akiona uaminifu wenyewe umevunjika, hata barua iliyobaki, na sahihi zake zote, haina thamani tena mkononi mwake.

Ya pili ni kukataa maneno ya msingi: kwamba hesabu ni zetu, kwamba tumekupa kila kitu, kwamba kila shughuli imeandikwa. Hapa mkaguzi hana hiari. Kiwango chamwamuru akatae kutoa maoni juu ya hesabu nzima. Na ndivyo itakavyokuwa pia akishaamua, kama tulivyosema, kwamba uaminifu wa viongozi una shaka kubwa hata barua yao haitegemeki. Wako wanaodhani adhabu hii ni kali mno. Sisi hatudhani hivyo. Kama wenye vitabu wenyewe hawako tayari kuandika kwamba vitabu vimekamilika, mtu wa nje aliyekaa wiki tatu atapata wapi ujasiri wa kuyaandika hayo kwa niaba yao? Atajua namna gani kwamba hakuna daftari la pili ndani ya kabati? Upungufu huu hauhusu mkopo wa karasha peke yake. Unagusa kila tarakimu.

Na tarakimu zenyewe tuzitazame. Ikiwa ule mkopo wa shilingi milioni 45 umekufa wote, ile ziada ya shilingi milioni 12 si ziada. Ni hasara ya shilingi milioni 33, nayo itatoka katika akiba za watu 640 ambao wengi wao hawajawahi kuliona hilo karasha. Kumbe mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu ulikuwa ukilinda hasara hii isionekane mpaka mkutano mkuu upite na ziada igawanywe.

Viongozi wa chama chetu cha mfano, baada ya siku mbili za mashauri, waamua kutotia sahihi barua yote. Mkaguzi aandika hati yake: anasema hakupata ushahidi wa kutosha, anataja sababu kwamba uongozi umekataa kutoa uthibitisho wa maandishi, na anasema kwa hiyo hatoi maoni. Hati hiyo ndiyo itakayosomwa mbele ya mkutano mkuu. Nakala yake yafika kwa Mrajisi wa Vyama vya Ushirika, mwenye uwezo kisheria wa kuagiza chama kichunguzwe. Benki iliyokuwa ikifikiria kukikopesha chama fedha za msimu yaisoma, yafunga jalada. Hakuna aliyeshtakiwa na hakuna aliyeitwa mwizi. Lakini chama kimekosa mtu wa kusema kwamba hesabu zake ni za kweli, na kwa chama kinachoishi kwa fedha za wengine hali hiyo haivumiliki kwa muda mrefu.

Twajua kwamba wako wasomaji watakaotuambia: “Mbona mmewahukumu viongozi? Pengine walikataa kwa haki.” Hoja hii tunaikubali nusu.

Iko sababu moja inayotolewa mara nyingi, hasa baada ya uchaguzi. Bodi mpya imechaguliwa mwezi wa Januari, hesabu ni za mwaka uliopita, nao wasema: “Sisi hatukuwapo, waiteni wa zamani.” Twawaonea huruma, lakini hawako sawa. Hesabu zinazotolewa ni hesabu za chama, na watakaozipeleka kwenye mkutano mkuu ni wao. Aliyepokea ufunguo amepokea na nyumba. Mkaguzi bado atawataka watie sahihi kwa muda wote wa hesabu, hata ile miezi ambayo hawakuwa madarakani. Lililo haki yao ni kuuliza kwanza: kumwita mhasibu, kuwaita wa zamani, kufungua makabati, kisha kuandika kwamba wanathibitisha “kwa kadiri tunavyojua na tunavyoamini, baada ya kuulizia inavyopasa.” Maneno hayo mkaguzi huyakubali, ikiwa ameridhika kwamba waandikao ndio wenye madaraka na wameulizia kweli. Hakuna anayewataka waape kwa mambo ya ghaibu.

Sababu nyingine ni ya mtu mnyofu anayejua kwamba kifungu fulani si kweli. Huyu tunamheshimu. Mhasibu ambaye ameona mikopo miwili haimo katika daftari, akaambiwa “tia sahihi tu, ni desturi,” akakataa, ameufanyia ushirika kazi kubwa kuliko hotuba kumi. Lakini akataye namna hiyo aseme na sababu. Katika Amerika, mwaka 2002, sheria mpya iliwataka wakuu wa makampuni makubwa kuthibitisha hesabu zao kwa sahihi mbele ya serikali, sahihi iliyo ndugu wa hii tunayoizungumza. Mkuu wa fedha wa kampuni ya mahospitali iitwayo Helthsauthi, Weston Smith, alijua hesabu zimetiwa chumvi kwa miaka. Alikataa kutia sahihi. Akabembelezwa, akatia. Mwezi wa Machi 2003 alikwenda mwenyewe kwa waendesha mashtaka kueleza yote, na mwaka 2005 alihukumiwa kifungo. Lau angaliushikilia ule ukataaji wake wa kwanza na kuutolea sababu, sahihi ile isingalikuwa miongoni mwa makosa yake.

Hatutaki lakini msomaji afikiri kwamba barua ikitiwa sahihi basi mambo yamekwisha. Wako wakaguzi wavivu, nao tuwaseme, ambao huifanya barua hii kuwa mto wa kulalia. Hawaendi ghalani kuhesabu magunia. Wanaandika kifungu “magunia yapo,” Meneja anatia sahihi, kazi imekwisha. Hayo yalikwisha kuonekana ulimwenguni. Mwaka 1938 iligunduliwa kwamba kampuni ya dawa ya Amerika iitwayo Makesoni na Robinsi ilikuwa imeandika mali na madai ya dola milioni 19 hivi ambayo hayakuwapo. Bidhaa zilikuwa katika maghala yasiyokuwapo. Wakaguzi walikuwa na vyeti vya wakuu wa kampuni, vimetiwa sahihi vizuri, vikisema bidhaa zipo, hawakwenda kuziona. Ni baada ya aibu hiyo ndipo wakaguzi wa huko walipotakiwa kwenda ghalani kushuhudia mali ikihesabiwa, na kuwaandikia wadaiwa wenyewe kuwauliza deni lao. Kiwango cha leo chasema waziwazi kwamba barua hii, ingawa ni ya lazima, haitoshi peke yake kuwa ushahidi wa jambo lolote. Kwa hiyo mwanachama akimwona mkaguzi amekaa ofisini siku tatu akinywa soda na kuondoka na barua, asifurahi. Amwulize: umewaandikia wakopaji wangapi kuwauliza deni lao? Sanduku la fedha ulilihesabu siku gani?

Katika mikoa yetu hii ya pamba na dhahabu jambo hili si geni kwa roho yake, hata kama jina lake ni geni. Wazee wa Usukuma wanakumbuka ile Tume ya Rais ya mwaka 1966 iliyochunguza vyama vya ushirika vilivyokuwa vimekua upesi kuliko watu wa kuviongoza, na jinsi mwaka uliofuata Serikali ilivyolazimika kuuingilia hata Muungano mkubwa wa Victoria, ambao wakulima wenyewe waliujenga tangu mwaka 1955. Mkulima wakati ule alipima pamba yake, akapewa kikaratasi, na zaidi ya hapo hakujua kitu. Mchimbaji wa leo anaweka fedha zake kwa simu na anapata ujumbe papo hapo, lakini akiulizwa ni nani aliyethibitisha kwa sahihi yake kwamba hesabu za chama zimekamilika, wengi hawajui hata kwamba kuna mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo ambalo halihitaji sheria mpya wala fedha. Vyama vyetu viandike katika masharti yao kwamba barua ya uthibitisho itatiwa sahihi na Mwenyekiti, Meneja na mhasibu, wote watatu, wala si Meneja peke yake. Kwamba itajadiliwa kifungu kwa kifungu katika kikao cha Bodi chenye muhutasari, mhasibu akiwapo. Na kwamba itasomwa katika mkutano mkuu pamoja na hati ya mkaguzi. Mkaguzi hawezi kuwalazimisha viongozi kuisoma hadharani, kwa kuwa barua imeandikwa kwake. Wanachama ndio wanaoweza. Kiongozi anayejua kwamba maneno yake yatasikiwa na mama wa mgahawa na mchimbaji wa duara atayapima kabla ya kuyaandika, na ikiwa liko la kukata, atalikata kikaoni, mbele ya wenzake.

Na liko dogo la mwisho ambalo mwanachama yeyote ajuaye kusoma anaweza kulitazama mwenyewe: tarehe. Barua iwe ya siku ile ile ya hati ya mkaguzi au siku chache kabla yake, wala isiwe ya baadaye, kwa maana mkaguzi hawezi kutoa maoni leo kwa kutegemea uthibitisho wa kesho. Ikiwa ya miezi miwili kabla, basi miezi hiyo miwili hakuna aliyeithibitisha, na karasha laweza kusimama, shauri laweza kufunguliwa, fedha yaweza kuhama. Tumewahi kuonyeshwa barua ambayo ilikuwa na sahihi zote, mhuri wote, na mahali pa tarehe pameachwa wazi. Tuliuliza ilitiwa sahihi lini. Watu wawili walijibu pamoja, kila mmoja akataja mwezi wake.